Kiswahili Safi, Dozi Isiyo Sahihi: Namna ya Kuhariri Tafsiri ya Mashine katika Maelezo ya Dawa

Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka wodini au kliniki, mara nyingi huondoka na karatasi ya maelezo ya dawa. Miongozo mingi tunayoitumia imeandikwa kwa Kiingereza, na siku hizi wahudumu wengi huingiza maandishi hayo katika programu ya tafsiri, hupata Kiswahili kwa sekunde chache, hukirekebisha hapa na pale, kisha hukichapisha. Makala haya yanahusu hatua hiyo ya mwisho, yaani kuihariri tafsiri iliyotolewa na mashine kabla haijamfikia mgonjwa. Hoja yake ni moja: kosa la hatari halipatikani kwa kukisoma Kiswahili cha mashine, kwa kuwa mara nyingi Kiswahili hicho kimenyooka. Hupatikana kwa kuilinganisha tafsiri na matini chanzi kwa utaratibu maalumu, kisha kumwuliza msomaji atafanya nini.

Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha jaribio dogo la Sumant Patil na Patrick Davies. Walichukua sentensi 10 za kawaida za hospitali wakazipitisha katika programu ya tafsiri ya Google kwa lugha 26. Kiswahili ndicho kilichopata alama ya chini kuliko lugha zote: sentensi moja tu kati ya kumi ilikuwa sahihi. Sentensi iliyosema kwamba mtoto ana degedege ilitoka kwa Kiswahili ikiwa na maana kwamba mtoto amekufa. Mzazi anayesoma sentensi ya namna hiyo haoni kasoro yoyote ya sarufi, bali anapokea habari ya msiba.

Tangu wakati huo mashine zimebadilika sana. Zile za awali zilipokosea, ziliacha sentensi iliyovunjika, na mhariri alijua mahali pa kutazama. Za sasa hujifunza kutoa mfuatano wa maneno unaoelekea zaidi kutokea katika lugha, kwa hiyo hata zinapokosea hutoa sentensi inayosomeka vizuri. Makosa yamepungua, lakini yaliyobaki yamejificha zaidi.

Kisa cha karatasi moja

Nisimulie kisa, nikiwa nimeondoa kila jambo linaloweza kumtambulisha mgonjwa. Mama mmoja mshonaji, wa umri wa miaka hamsini na kitu, aligunduliwa kuwa na baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili huyashambulia maungio ya mwili wenyewe. Aliandikiwa methotreksati miligramu 15 kwa wiki, yaani vidonge 6 vya miligramu 2.5 vinavyomezwa kwa pamoja siku moja tu katika wiki. Aliandikiwa pia asidi ya foliki ya kupunguza madhara ya dawa hiyo. Karatasi yake ya maelezo ilitafsiriwa kwa mashine, na mhariri wake nilikuwa mimi. Niliipitia kwa dakika ishirini, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine.

Kosa la kwanza nililikamata mara moja. Katika kichwa cha karatasi mashine ilikuwa imeandika jongo, ugonjwa ambao wengi huuita gauti, unaotokana na fuwele za asidi ya yuriki. Magonjwa yote mawili huvimbisha maungio, lakini matibabu yake hayafanani hata kidogo. Lingebaki hivyo, mhudumu wa kituo kingine angeweza kumtibu ugonjwa asio nao. Nililifuta, nikaandika baridi yabisi, kisha nikasoma sehemu iliyobaki nikiwa nimeridhika. Hapo ndipo nilipopotea. Kwa kuwa nilikuwa nimekamata kosa moja kubwa, niliichukulia karatasi yote kuwa imekaguliwa.

Wiki ya nne mama yule alirudi akiwa na homa, midomo imechubuka, na vidonda kinywani vilivyomzuia hata kumeza uji. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka sana. Nilipomwuliza alivyokuwa akimeza dawa, alinijibu kwa utulivu: "Daktari, mliandika dozi ya wiki ni vidonge sita. Nimemeza kimoja kila siku, Jumapili nikapumzika. Sasa nimekosea wapi?"

Hakuwa amekosea. Alikuwa ameitii karatasi neno kwa neno. Tulisitisha methotreksati, tukampa asidi ya folini na viuavijasumu, na baada ya siku tisa wodini akarudi nyumbani. Baadaye niliketi na karatasi ile na matini chanzi yake, nikazisoma sentensi kwa sentensi. Makosa manne yalikuwa yamepita mbele ya macho yangu, na kila moja lilikuwa limechangia ugonjwa wake.

Makosa manne yaliyopita

La kwanza lilikuwa sentensi ya dozi. Matini chanzi ilisema kwamba dozi hutolewa mara moja kwa wiki, kila Jumatatu. Mashine iliandika: "Dozi yako ya wiki ni vidonge 6, vimezwe kuanzia Jumatatu." Kiswahili hicho hakina dosari, na daktari anayeijua methotreksati hukisoma akapata maana anayoitarajia. Lakini mgonjwa asiyeijua huona jumla ya vidonge vya wiki nzima na siku ya kuanzia, naye huvigawa kama anavyogawa matumizi ya nyumba. Kwa dawa hii mgawanyo huo ni hatari. Methotreksati huzuia seli zinazozaliana haraka, zikiwamo za uboho na za utando wa kinywa. Inapomezwa siku moja kwa wiki, seli hizo hupata siku kadhaa za kujirudi. Inapomezwa kila siku, hata kwa kiasi kidogo, hazipati nafasi hiyo, na wagonjwa wamewahi kufa kwa kosa la namna hii katika nchi mbalimbali.

La pili lilikuwa kitenzi. Kiingereza cha hospitali hutumia neno moja lenye maana ya kushika kitu mkononi na pia ya kusitisha dawa kwa muda. Matini chanzi ilimtaka mgonjwa aisitishe methotreksati akipata homa au vidonda mdomoni. Mashine iliandika: "Ukipata homa au vidonda mdomoni, shikilia methotreksati mpaka uongee na daktari." Kushikilia kwa Kiswahili ni kutoachia. Mama yule alipoanza kupata vidonda alizidi kuwa mwangalifu asikose hata kidonge kimoja, maana aliamini ndivyo alivyoagizwa. Sentensi iliyokusudiwa kumwokoa iligeuka ikasema kinyume chake.

Katika kundi hilo yamo pia maneno yanayomwambia mgonjwa ameze dawa anapohisi haja tu, kwa mfano parasetamoli ya maumivu. Mashine huweza kuyaandika "meza kama inavyotakiwa." Mgonjwa husikia agizo, kwamba dawa inatakiwa kumezwa, na huimeza kila siku hata akiwa hana maumivu. Ni afadhali kuandika: "Meza ukiwa na maumivu tu. Kama huna maumivu, usimeze."

La tatu lilikuwa saa. Karatasi ilimtaka afike maabara baada ya wiki mbili kupimwa damu, na mashine iliandika "saa 8 asubuhi." Kiingereza huanza kuhesabu saa usiku wa manane na adhuhuri, nasi huanza jua linapochomoza na linapotua, kwa hiyo tofauti ni saa sita. Saa iliyokusudiwa ilikuwa saa mbili asubuhi. Kwa kuwa hakuna saa nane ya asubuhi katika mazungumzo yetu, mama yule alidhani neno "asubuhi" ndilo lililokosewa. Alifika saa nane mchana, akakuta uchukuaji wa damu umekwisha, akarudi nyumbani. Kipimo ambacho kingeonyesha chembe nyeupe zinaanza kushuka hakikufanyika. Kosa la aina hii lingeweza kuwa baya zaidi kwa mgonjwa wa kisukari anayeambiwa achome insulini "saa 8 usiku", wakati iliyokusudiwa ni saa mbili usiku, kabla ya chakula cha jioni. Akiitii karatasi hiyo, atajichoma usiku wa manane umeshapita, tumbo likiwa tupu, kisha arudi kulala.

La nne halikuwa neno lililokosewa bali maneno yaliyokosekana. Matini chanzi ilikuwa na sentensi ndefu inayomtaka mgonjwa amweleze kila mhudumu kwamba anatumia methotreksati, na inayokataza asipewe kotrimoksazoli, dawa tunayoizoea kwa jina la septrini. Dawa hizo mbili zote huathiri matumizi ya foliki mwilini, na zikitumiwa pamoja huweza kuudhoofisha uboho vibaya. Mashine iliandika nusu ya kwanza ikaiacha ya pili: "Mwambie kila mhudumu wa afya kwamba unatumia dawa hii." Sentensi ilikuwa kamili, ina mwanzo na mwisho, na hakuna pengo lililoonekana. Katika wiki ya tatu mama yule alipata maumivu ya mkojo, akanunua septrini katika duka la dawa lililo jirani. Hakuwa amekatazwa.

Kwa nini tafsiri ya kurudisha haitoshi

Wenzangu wengi huniuliza kama kosa la namna hii haliwezi kunaswa kwa kuirudisha tafsiri katika Kiingereza kwa mashine ileile. Nilijaribu na karatasi yangu. "Saa 8 asubuhi" ilirudi ikiwa saa iliyokusudiwa, kwa sababu mashine iliyoipeleka tarakimu 8 kama ilivyo ndiyo iliyoirudisha kama ilivyo. "Dozi yako ya wiki" nayo ilirudi ikiwa sahihi kabisa. Mashine haiishi kwa saa za Kiswahili wala haina kibweta cha vidonge mkononi. Kosa hutokea baina ya karatasi na msomaji, na tafsiri ya kurudisha haifiki hapo. Inaweza kusaidia kugundua sehemu iliyoachwa au jina la ugonjwa lililobadilika, lakini isichukuliwe kuwa uthibitisho wa usalama.

Utaratibu ninaoutumia sasa

Tangu kisa kile sianzi tena kwa kusoma Kiswahili. Naanza na matini chanzi peke yake, tafsiri ikiwa imefunikwa, na kwenye karatasi tupu naandika kwa mkono mambo ambayo yakibadilika mgonjwa anadhurika: jina la ugonjwa, jina la kila dawa na nguvu ya kidonge, idadi ya kumeza, siku na saa, dalili za hatari na hatua ya kuchukua, na kila katazo. Kwa karatasi ya ukurasa mmoja, orodha hiyo haizidi mistari kumi. Naiita mifupa ya karatasi. Sababu ya kuanza hivi ni kwamba jicho likishakisoma Kiswahili laini, huisoma matini chanzi likitafuta kuthibitisha kilichokwisha kusomwa.

Kisha nazipa namba sentensi za matini chanzi, na kila sentensi ya Kiswahili naiwekea namba ya ile iliyoizaa. Sentensi ya chanzi ikikosa mwenzake, au sentensi ndefu ikizaa fupi mno, hapo pameachwa kitu. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo njia ya hakika ninayoijua ya kuona kisichokuwapo.

Hatua ya tatu ni kuuchukua kila mfupa na kuuliza mambo mawili. Je, upo katika Kiswahili? Je, unaweza kusomwa kwa namna nyingine? Ukiwa na maana mbili, siurekebishi kwa kubadili neno moja. Nauandika upya bila kuitazama tafsiri ya mashine. Saa naziandika kwa hesabu yetu, kisha naongeza zinavyoonekana kwenye simu. Neno "mara moja" naliepuka, kwa kuwa lina maana ya mara moja tu na pia ya papo hapo. Penye siku ya kumeza dawa naandika pia siku za kutomeza. Nguvu ya kidonge haikosekani kamwe, kwa sababu methotreksati hutengenezwa pia kwa vidonge vya miligramu 10, na vidonge sita vya aina hiyo ni miligramu 60 badala ya 15.

Kwa utaratibu huo karatasi ya mama yule ingesomeka hivi:

"Ugonjwa wako ni baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia maungio.

Methotreksati, kidonge cha miligramu 2.5: meza vidonge 6 kwa pamoja siku ya Jumatatu, saa 2:00 usiku (simu huonyesha 20:00). Kuanzia Jumanne hadi Jumapili usimeze hata kimoja.

Asidi ya foliki, kidonge cha miligramu 5: meza kidonge 1 siku ya Alhamisi.

Ukipata homa, vidonda mdomoni, kutokwa damu au kuishiwa pumzi, usimeze tena methotreksati, na njoo hospitali siku hiyohiyo.

Usitumie septrini (kotrimoksazoli). Kabla ya kununua au kupewa dawa yoyote, onyesha karatasi hii.

Njoo upimwe damu tarehe iliyoandikwa hapa chini, saa 2:00 asubuhi (simu huonyesha 08:00)."

Hatua ya mwisho ni ya mtu, na siiruki. Nampa karatasi mtu ambaye hajaiona matini chanzi wala haijui dawa hiyo, kwa mfano mhudumu wa mapokezi au ndugu wa mgonjwa mwingine aliyekubali. Simwulizi kama ameelewa, kwa kuwa atajibu ndiyo kwa heshima. Namwuliza atakachofanya: "Jumanne asubuhi utameza nini? Ukipata vidonda mdomoni Jumapili, Jumatatu itakuwaje? Siku ya kupimwa damu utatoka nyumbani wakati gani?" Nilipowauliza watu watatu swali la Jumanne kwa karatasi ile ya zamani, wawili walijibu kwamba wangemeza kidonge kimoja. Swali hilo moja lingetosha kumwepusha mama yule na siku tisa za wodini.

Utaratibu huu wote hunichukua kama saa nzima kwa ukurasa mmoja. Hausaidii kila kitu: mgonjwa asiyejua kusoma atahitaji kuelezwa kwa mdomo na kuonyeshwa vidonge mkononi, na karatasi nzuri haichukui nafasi ya maelezo hayo. Wala sihitaji kuutumia kwa aya inayoeleza ugonjwa ni nini au umuhimu wa mazoezi. Hapo mashine hufanya kazi nzuri, na kosa dogo hubaki dogo. Saa hiyo naitenga kwa mistari yenye dawa, kiasi, wakati, katazo na jina la ugonjwa. Na karatasi ikishapitishwa, mtu yeyote akibadili hata mstari mmoja, mstari huo unarudi mwanzo wa utaratibu.

Kwa mgonjwa anayeshika karatasi

Ndugu msomaji, ukipewa karatasi ya maelezo, usiondoke kabla ya kumweleza mhudumu kwa maneno yako utakavyoitumia kila dawa: siku gani, vidonge vingapi, saa ngapi. Ukiona saa isiyokaa sawa, kama saa nane asubuhi, usikisie lipi limekosewa, uliza. Ukiona karatasi inakwambia uendelee na dawa huku hali yako ikizidi kuwa mbaya, piga simu au urudi kituoni siku hiyohiyo. Na kama ulivyoambiwa kwa mdomo hakulingani na kilichoandikwa, sitisha safari ya kwenda nyumbani, rudi dirishani, uwaonyeshe sehemu zote mbili.

Mama yule bado ni mgonjwa wangu, na maungio yake yametulia kiasi cha kumwezesha kurudi kwenye cherehani. Kila nikimwandikia karatasi mpya huisoma palepale mbele yangu kwa sauti, kidole kikifuata mstari, kisha hunieleza atakachofanya Jumanne.